Picha Ilikuwa Yangu

Katika studio yangu ya picha pale Sumbawanga, kazi iliyonilisha zaidi kuliko harusi na pasipoti saizi ni kuunganisha. Mtu anakuja na picha ya marehemu baba yake, pembe zimekunjika, anataka baba huyo asimame nyuma yake kwenye picha ya mahafali. Mwingine ana kaka aliyevuka mpaka wa Kasesya na lori la mahindi miaka hiyo akaoa hukohuko Zambia, na mama yao anataka watoto wote sita waonekane kwenye fremu moja. Mimi nawakata, nawapanga, nawasawazishia mwanga, na asiye na suti namvalisha. Hakuna anayeona ni uongo. Huku Ufipani mtu aliyekosekana siku ya picha bado ni wa nyumba ile, na kumweka ni kumheshimu.

Naanzia hapo kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Sikukosea kwa tamaa, wala kwa haraka. Nilifanya kazi niliyoizoea, kwa mtu ambaye haikumhusu.

Tena mimi nilikuwa najiona najua. Niliwahi kuitwa kwenye semina ya siku moja ya wapiga picha na wachapaji, tukakaa ukumbini na makoti yetu maana ilikuwa Juni na upepo wa Juni huku hauna adabu, akaja ofisa wa hakimiliki akatufundisha. Nikaandika daftari zima. Niliporudi nikabandika karatasi mlangoni: KATUNI ZA WATU HATUWEKI. Wateja walinuna. Mzazi anataka keki ya mtoto, kadi ya mtoto na picha ya mtoto vyote viwe na yule mnyama wa kwenye televisheni, halafu anakutana na mimi, mwanamke mwenye miwani, ninayemwambia mnyama huyo ana mwenyewe.

"Kwani nauza?" aliniuliza baba mmoja kutoka Muze kule bondeni, mfugaji, aliyepanda mjini na kijana wake wa miaka minne. "Ni ya kuweka kwenye simu tu, ndugu zangu wa Shinyanga waone."

Nikamwambia kutokuuza kunapunguza ubaya, hakuondoi, na mimi ninayemchapia nalipwa kwa hiyo kwangu ni biashara. Akaniuliza kama tukimbadilisha rangi. Nikamwambia ukimpaka mbuzi wa jirani rangi habadiliki kuwa wako. Akaniuliza kama tukiandika chini jina la waliomchora. Nikamwambia kumtaja mtu si kumwomba. Mwishowe nikampiga picha yule kijana amesimama na ndama wa kwenye kalenda yangu mwenyewe, niliyemchora kwa mkono, na wakaondoka wameridhika nusu. Nilijisikia mtu wa maana sana siku ile.

Basi akaja mama mmoja kutoka upande wa Kaengesa. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaosaga unga wa uji: ulezi, mahindi, karanga kidogo. Mama mpole, mwenye sauti ya kanisani, anayeanza kila jambo kwa kukuulizia watoto. Alitoa mfuko mmoja wa unga kwenye kikapu akauweka mezani. Mfuko mweupe mtupu, umeandikwa kwa kalamu.

"Dada, unga wetu ni mzuri lakini hauna sura," alisema. "Dukani unakaa chini kabisa. Tunataka stika. Na ile ya kurusha kwenye makundi ya simu."

"Mnataka stika yenye nini?"

"Yenye mtoto wetu."

Nilijua anamsema nani. Kila mtu angejua. Kuna binti wa kule kwao, mwimbaji, aliyeanzia kwaya ya watoto na sasa yuko Dar es Salaam na nyimbo zake zinapigwa hadi kwenye pikipiki. Sisi tunamwita mtoto wetu hata tusiomjua. Akihojiwa redioni akasema kwao ni Ufipa, watu wanaongeza sauti.

Nikamwambia mama mwenyekiti kwa ile sauti yangu ya semina kwamba picha za mtandaoni zina wenyewe, aliyepiga picha ndiye mwenye picha, hatuwezi kuchukua tu. Uso ukamshuka. Halafu nikakumbuka, na hapo ndipo nilipojipongeza mwenyewe. Misimu miwili nyuma yule binti alikuja kwenye misa ya shukrani ya mavuno, na mimi ndiye niliyekuwa na kamera. Nilikuwa naye kwenye kompyuta yangu: amesimama mlangoni mwa kanisa, kitenge cha kijani, ameshika mshumaa, anacheka.

"Picha ninayo, na ni yangu," nikamwambia. "Hiyo hakuna wa kutudai."

Akafurahi, lakini alikuwa mtu mwenye adabu kuliko mimi. Akasema si vizuri kumtumia mtoto wa watu bila kubisha hodi kwao. Wazazi wa binti walishafariki, aliyemlea ni bibi yake. Tukakubaliana twende kwa bibi.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi kwa pikipiki mbili, na kilo mbili za sukari na kuku. Bibi alitupokea jikoni, kwenye moto, maana nje palikuwa hapakaliki kwa baridi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kukagua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kugeuza mahindi aliyokuwa anachoma. Nyuma ya nyumba yake ya zamani kulikuwa na nyumba mpya, matofali ya kuchoma, kuta zimefika kwenye linta, madirisha bado mashimo. Akaona ninaiangalia.

"Ananijengea mjukuu," alisema. "Amepata kazi ya matangazo huko mjini. Wakimaliza kumlipa anaezeka. Nikilala humu ndani ninasikia panya, ninawaambia ngojeni, nahama."

Nilimpa hongera. Sikumuuliza matangazo ya nini. Mpaka leo nikiwaza siku ile, swali hilo ndilo linanikera, kwa sababu lilikuwa jepesi na lilikuwa mdomoni.

Mama mwenyekiti akaeleza haja yetu, kwa mzunguko mrefu na kwa heshima. Bibi alisikiliza, akaomba aone unga, akaulamba kwenye kidole, akasema umekaangwa vizuri. Kisha akasema:

"Huyo nimemlea mimi kwa uji wa ulezi. Mwekeni. Nimekubali."

Mama mwenyekiti akapiga magoti kushukuru. Bibi akapapasa chini ya kanga akatoa simu ndogo ya batani.

"Nimpigie nimwambie?"

Nikasema, "Hakuna haja, bibi. Ukishakubali wewe yatosha. Picha yenyewe nimepiga mimi."

Akairudisha simu chini ya kanga.

Kazi ilinichukua siku tatu, na ilikuwa kazi nzuri, sitaki kujinyima sifa hiyo. Wanawake kumi na wawili niliwapiga mbele ya mashine yao ya kusaga, nikaacha nafasi katikati. Yule binti nikamtoa mlangoni mwa kanisa, nikamkata nywele kwa nywele. Mwanga wa kanisani ulitoka kushoto na wa mashineni ulitoka kulia, nikamgeuza. Kivuli chake nikakilaza chini pamoja na vya wenzake. Mshumaa nikautoa mkononi, nikaweka mfuko wa unga, na vidole nikavipindisha viushike. Ukiangalia ungeapa alipanda gari kutoka Dar akaja kuusifu unga ule. Chini nikaandika: Uji niliokulia.

Alikulia kweli uji huo. Lakini hakuwahi kuyasema maneno hayo.

Stika zikachapwa, mia tano za kwanza. Picha ikarushwa kwenye kundi la kikundi, la kwaya, la wazazi wa shule, kisha ikaondoka mikononi mwetu. Wiki ile unga ulipanda rafu. Mama mwenyekiti alinipigia akicheka, akaniambia duka moja la mjini limeuweka mbele kabisa, karibu na mlango. Nilicheka naye.

Siku ya kumi na moja ikaingia simu ya namba nisiyoijua. Sauti ya msichana, ya upole, ile ile ya redioni ila imechoka.

"Mama, shikamoo. Wewe ndiye mwenye studio?"

Nikaitikia. Akajitambulisha, nikaanza kumpongeza, akanikata.

"Nani aliwaambia mniweke kwenye ule unga?"

"Tulikwenda kwa bibi yako, mwanangu. Tulibisha hodi. Amekubali mwenyewe."

"Bibi," alisema, kama mtu anayejisemea. Kisha: "Na picha mmeitoa wapi?"

"Picha ni yangu. Nilikupiga mimi, siku ya misa."

"Sawa, mama. Picha ni yako. Na uso?"

Nikaongea sana. Nilimwambia kuhusu wanawake kumi na wawili, kuhusu rafu ya chini, kuhusu mtoto wetu. Alinisubiri nimalize. Halafu akaniambia. Ile kazi ya matangazo ilikuwa ya kampuni ya unga wa uji wa watoto. Alikuwa ameshasaini, tangazo lilikuwa bado kutoka, na kwenye mkataba kuna kifungu kwamba asionekane na unga wa mtu mwingine yeyote. Kampuni imeletewa picha yetu na mtu wa mauzo. Wamesimamisha kila kitu na wamempa siku saba ajieleze.

"Wanadhani nimewauzia nyie uso uleule niliowauzia wao," alisema. "Nyumba ya bibi iko humo."

Alipokata simu nilikaa. Kisha nikafanya jambo la kijinga. Nilitafuta namba ya yule ofisa wa semina nikampigia, nikitumaini ataniambia nina haki. Nilimpangia maneno vizuri: picha nimepiga mimi, hakimiliki ni ya mpiga picha, si ndivyo mlivyotufundisha?

"Ndivyo," alisema. "Mtu akiichukua picha hiyo bila ruhusa yako utamdai wewe. Lakini hiyo ni haki juu ya kazi yako, haiwi haki juu ya mtu aliyemo. Ukitaka kuiweka ukumbusho ni jambo moja. Ukitaka imtangazie mtu bidhaa, unahitaji ridhaa ya mwenye sura, na iwe ya maandishi, inayosema bidhaa gani, wapi, kwa muda gani. Mahakama zetu zimeshawapa watu fidia kwa jambo hilo."

"Bibi yake aliridhia."

"Ana miaka mingapi huyo binti?"

"Ishirini na sita."

"Basi bibi hana cha kuridhia. Labda binti awe amempa madaraka kwa maandishi." Akavuta pumzi. "Na hujamweka tu, mama. Umempa mfuko mkononi na maneno mdomoni. Hata kama picha ungeipata kwake mwenyewe, hayo ungemuuliza. Katuni mliielewa vizuri sana siku ile, eti?"

Alisema bila ubaya. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, mwanamke mzima, nimejificha nyuma ya pazia la kupigia picha ili msaidizi wangu asinione. Nilikuwa nimemlinda mnyama wa kuchorwa na kampuni yake iliyo ng'ambo ambayo haitanijua maisha yangu yote. Binti wa Kaengesa, mwenye simu, mwenye bibi aliyetoa simu yake ampigie nikamwambia airudishe, huyo sikumlinda.

Barua ya wakili wa binti ilifika kwa simu kesho yake asubuhi. Ilikuwa fupi. Tuondoe picha kila mahali, tusiendelee kusambaza, stika ziteketezwe, tutoe tamko kwamba hakuwahi kukubali wala kulipwa, na tupeleke picha ya asili kama nilivyoipiga.

Nilikwenda Kaengesa mwenyewe kumwambia mama mwenyekiti. Alinisikiliza, akaniulizia watoto kwa mazoea, kisha akalia. Tulibandua stika kwenye mifuko kwa maji ya moto na kucha, wanawake kumi na wawili na mimi, na zilizobaki tukazichoma kwenye jiko la mashineni. Karatasi ya stika inanuka vibaya ikiungua. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Wangenitukana ningepumua.

Makundi ya simu ndiyo yaliyonishinda. Nilifuta nilikoweza, niliomba nilikojulikana. Tulirusha tamko, nililiandika mimi: kwamba mwimbaji hakuwepo siku ile, picha imeunganishwa studio, hakuombwa ruhusa, kosa ni la mwenye studio. Tamko lilikwenda polepole. Watu wanapenda kurusha picha ya msichana anayecheka kuliko karatasi yenye maneno.

Kilichosaidia ni kompyuta yangu. Nilipeleka kwa wakili ile picha ya mlangoni mwa kanisa, faili lenyewe lenye tarehe ya kamera, na picha ya wanawake yenye nafasi tupu katikati. Kwenye ya kwanza binti ameshika mshumaa. Yeyote aliyeweka hizo mbili kando ya ile ya tatu aliona mikono yangu ilipopita. Kampuni ikakubali kwamba hakuvunja mkataba kwa kutaka. Haikumdai kitu. Lakini tangazo halikutoka. Walisema sura yake imeshazoeleka na unga mwingine, wakamtafuta mtu mwingine, na malipo yaliyobaki hayakuwepo tena.

Nilikwenda kwa bibi kuomba radhi. Alikuwa amekwishaambiwa. Kuta zilikuwa palepale kwenye linta, na mvua za kwanza zilikuwa zimelowesha tofali za juu. Nilipiga magoti kwenye majivu nikasema yote, bila kumtaja mwenyekiti, bila semina.

"Mimi nilitaka kumpigia," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukasema hakuna haja."

"Ndiyo."

Akanipa kiti. Tulikunywa uji.

Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, bibi alikuja studio. Alikuja peke yake kwa gari la asubuhi, amevaa koti la kiume na kitenge kipya, akakaa kwenye benchi kama mteja mwingine yeyote. Akatoa picha yake ya kitambulisho iliyochanika.

"Sina picha na mjukuu wangu," alisema. "Ya tangu mdogo ninayo. Ya ukubwani sina. Wewe unaunganisha. Nikae hapa, yeye hapa."

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Binti nilikuwa naye bado kwenye kompyuta, na mshumaa wake. Ilikuwa ya kuweka ukutani kwa bibi, si ya kuuzia chochote, na ofisa wa semina asingenikataza. Nilishika kipanya cha kompyuta, nikakiachia, nikachukua simu.

"Nimpigie kwanza, bibi," nikasema. "Nimuulize."

Bibi alinitazama kwa yale macho ya kukagua, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Binti alipokea nilipopiga mara ya tatu. Nikamwamkia, nikamweleza: bibi yako yupo hapa, anataka picha na wewe, ninayo ile ya misa, ni ya ukutani kwake tu, naomba ruhusa. Nilisikia magari ya Dar nyuma yake.

"Usiniunganishe," alisema. "Mwambie nakuja."

Alikuja mwezi wa sita, katika baridi ileile. Nilipanda Kaengesa na kamera. Aliniamkia shikamoo vizuri, bila kinyongo na bila uchangamfu. Bibi alitaka wapigwe mbele ya nyumba mpya, kwa hiyo nikawapiga hapo, kuta bila paa, mawingu yanaonekana ndani kupitia madirisha. Binti alimvulia bibi koti lake akamvisha, bibi akamshika mkono kwa nguvu kana kwamba kuna mtu atamtoa. Mwanga ulitoka upande mmoja. Sikuhitaji kurekebisha chochote. Katika miaka yangu yote sijapiga picha nzuri kuliko ile.

Niliichapa kubwa, nikaiwekea fremu, nikawapelekea kabla binti hajaondoka. Bibi alipoingia ndani kutafuta msumari, nikamuuliza binti, kwa unyenyekevu wote nilionao, kama angeniruhusu nami niitundike studio, ukutani tu, wateja waone kazi.

Aliiangalia picha kwa muda.

"Hapana, mama," alisema.

Nikamwambia sawa.